Ukuta Mmoja Usiwe Ngazi

Wanachama wenzangu, si mnaijua ile michezo ya kompyuta ambayo mhusika huonekana kwa ubavu, akikimbia na kuruka? Katika Mega Man X ya mwaka 1993, mhusika akigusa ukuta huku anaanguka, huteleza polepole. Ukibonyeza kitufe cha kuruka, anaupiga ukuta teke na kwenda juu tena. Kwa njia hiyo anaweza kupanda ukuta mmoja mpaka juu kabisa. Lakini tuseme wewe unatengeneza mchezo wako na unataka mchezaji alazimike kutafuta ukuta wa pili. Utamzuiaje?

Kuteleza kwenyewe si kazi. Mhusika akiwa ameshika ukuta, kasi yake ya kuanguka isipite kiwango fulani:

```
if ukutani and vy > 60:
    vy = 60
```

Hapa `vy` ni pikseli kwa sekunde, na kwenda chini ndiko chanya. Ukiliacha lile sharti la `vy > 60`, hata anayepaa atavutwa chini ghafla akigusa ukuta.

Shida iko kwenye kuruka. Chukua mvutano wa 1000, kasi ya kupaa 400 na kasi ya kwenda kando 200. Mhusika hufika kileleni baada ya sekunde 0.4, pikseli 80 juu ya alipoanzia. Mchezaji akiruhusiwa kugeuka papo hapo, anarudi ukutani akiwa bado anapaa, anapiga teke lingine, basi anapanda bila mwisho.

Dawa ni kufunga vitufe vya kando kwa muda mfupi baada ya teke. Wengi huweka sekunde 0.2 wakidhani zinatosha. Hebu tupige hesabu. Kwa sekunde 0.2 anaenda kando pikseli 40, kisha anahitaji 0.2 nyingine kurudi. Jumla ni 0.4, yaani anaushika ukuta akiwa kileleni hasa! Amepata pikseli 80 za bure. Ukifunga kwa 0.45, atarudi baada ya 0.9, na wakati huo yuko pikseli 45 chini ya alipoanzia. Kwa kifupi, kufuli lipite muda wa kupaa.

Je, kuta mbili zinazotazamana? Kama nafasi ni pikseli 60, anaufikia ukuta wa pili kwa sekunde 0.3, akiwa pikseli 75 juu. Akiugusa tu, kufuli lifunguke, naye aendelee kupanda kwa zigizaga.

Ubaya wake ni kwamba karibu nusu sekunde bila usukani humchosha mchezaji. Mimi napendelea njia nyingine: kumbuka upande wa ukuta na kimo cha teke la mwisho, kisha ukatae teke jingine upande uleule mpaka awe chini ya kimo hicho. Futa kumbukumbu akikanyaga ardhi au akigusa ukuta wa upande mwingine. Hapo kufuli la 0.15 tu linatosha, ili teke lionekane ni teke.