Barua ya Maombi Ikiwa Kiambatisho: Namna ya Kuandika Kichwa na Ujumbe wa Barua Pepe

Tangazo la kazi linaposema kuwa maombi yatumwe kwa barua pepe, waombaji wengi huishughulikia barua ya maombi kwa uangalifu: huichapa, huitia saini, huiskani pamoja na vyeti. Kisha hufika mbele ya kisanduku cheupe cha ujumbe wasijue la kuandika. Wapo wanaokiacha kitupu, na wapo wanaonakili humo barua nzima, pamoja na anwani ya S.L.P. na tarehe. Kila njia ina hasara yake, na hasara hizo huonekana mahali ambapo mwombaji hayupo, yaani mezani kwa mpokeaji.

Barua pepe inapofika, mpokeaji haoni barua ya maombi. Huona orodha, na ndani ya orodha hiyo kila ujumbe una jina la mtumaji, kichwa, na mara nyingi maneno machache ya mwanzo wa ujumbe. Baadaye viambatisho hupakuliwa, huchapwa na kuwekwa katika jalada la waombaji, ilhali ujumbe wenyewe hubaki kwenye kompyuta. Tangu hapo vitu viwili vilivyosafiri pamoja vimeachana. Kwa sababu hiyo barua iliyoambatishwa haina budi kujitosheleza, ikiwa na anwani, namba ya simu, tarehe na saini, kana kwamba haikusindikizwa na ujumbe wowote. Ujumbe nao hauna budi kubeba maelezo ya kumwezesha mpokeaji kumpigia mwombaji simu iwapo kiambatisho kitakataa kufunguka.

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha ushirika kilichotangaza nafasi mbili kwa wakati mmoja, mtunza ghala na karani wa mizani, katika tangazo lenye Kumb. Na. 03/2024. Anwani yake ya barua pepe ni moja, na hiyohiyo hupokea ankara za wasafirishaji na malalamiko ya wakulima kuhusu malipo. Mwombaji wa nafasi ya mtunza ghala ana Astashahada ya Ununuzi na Ugavi, na amefanya kazi ghalani kwa misimu miwili ya korosho.

Kichwa huandikwa katika kisanduku ambacho kwenye simu nyingi kimeandikwa Subject. Kichwa kisemacho "Maombi" hakimsaidii mpokeaji, kwa kuwa hata mkulima anayeomba kulipwa huleta maombi. "Maombi ya kazi" nacho hakitoshi pale nafasi zinapokuwa mbili. Kinachofaa ni hiki:

Mtunza Ghala, Kumb. Na. 03/2024 – Maombi ya (Jina Kamili)

Nafasi imetangulia kwa makusudi. Simu hukata kichwa kirefu, na kinachosalia kuonekana ni maneno ya mwanzo. Jina la mwombaji likikatwa, athari ni ndogo, maana jina la mtumaji huonekana pembeni. Neno "YAH:", ambalo katika barua ya karatasi hutangulia kichwa, halihitajiki hapa, kwani kisanduku chenyewe hufanya kazi hiyo. Herufi kubwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho hazifai pia. Tangazo likielekeza namna ya kuandika kichwa, maelekezo hayo yafuatwe neno kwa neno, kwa sababu huenda mpokeaji akayatafuta maombi kwa maneno hayohayo.

Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Ndugu Meneja,

Ninaomba nafasi ya Mtunza Ghala iliyotangazwa kwa Kumb. Na. 03/2024. Nina Astashahada ya Ununuzi na Ugavi, na nimetunza kumbukumbu za mapokezi na utoaji wa korosho ghalani kwa misimu miwili.

Nimeambatisha faili tatu: barua ya maombi, wasifu, na nakala za vyeti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(Jina kamili)
Simu: (namba)"

Kilichoachwa nje kina maana sawa na kilichoandikwa. Sentensi iliyozoeleka, "Husika na kichwa cha habari hapo juu," haimo. Katika orodha ya barua pepe maneno hayo ndiyo yangeonekana kando ya kichwa, yakichukua nafasi ya taarifa pasipo kutoa taarifa yoyote. Ikiwa mwombaji alisahau kujaza kichwa, sentensi hiyo huelekeza mahali patupu. Historia ya masomo haimo, wala sababu za kuipenda kazi. Hayo ni ya barua yenyewe. Sifa iliyotajwa ni moja tu, ile inayokaribiana zaidi na kazi inayoombwa, ili mpokeaji apate sababu ya kufungua kiambatisho.

Idadi ya viambatisho imetajwa kwa sababu ya dhahiri. Mpokeaji akihesabu mbili badala ya tatu, hujua mara moja kwamba kuna kilichopungua, na anaweza kuuliza. Majina ya faili nayo yaeleze kilichomo, kwa mfano Barua_ya_Maombi_Jina.pdf. Faili iliyobaki na jina Scan0034.pdf hupotea kwa urahisi ikishapakuliwa na kuwekwa pamoja na za waombaji wengine.

Kunakili barua nzima ndani ya ujumbe, huku nakala nyingine ikiwa imeambatishwa, huleta tatizo ambalo wengi hawalitarajii. Mwombaji husahihisha kosa katika nakala moja na kuisahau ya pili, na mpokeaji hubaki na barua mbili za mtu mmoja zisizolingana. Njia hiyo itumike tu pale tangazo linapotaka barua iandikwe ndani ya ujumbe. Maombi yanayopitia Ajira Portal hayahusiki na somo hili, kwa kuwa huko barua hupakiwa moja kwa moja kwenye mfumo.

Jambo linalohitaji tahadhari zaidi katika kata ni kutumiwa barua na mhudumu wa steshenari. Mhudumu akitumia anwani yake mwenyewe, jina linaloonekana kwa mpokeaji ni la duka, na mwaliko wa usaili hurudi dukani. Huenda usisomwe hadi siku ya usaili ipite. Mwombaji aingie katika anwani yake mwenyewe, na akimaliza atoke kabisa kwenye akaunti hiyo katika kompyuta ya duka. Ikiwa duka limemtumia kwanza faili zilizoskaniwa, asizisukume mbele kama zilivyo. Kichwa kitaanza na Fwd: na mazungumzo yake na duka yataonekana chini ya ujumbe. Apakue faili, kisha aandike ujumbe mpya.

Picha za vyeti zilizopigwa kwa simu huwa nzito. Gmail hutuma viambatisho visivyozidi megabaiti 25 kwa ujumla. Vikizidi, hupelekwa kama kiungo cha Google Drive, na mpokeaji asiyepewa ruhusa hukutana na ukurasa wa kuomba ruhusa badala ya cheti. Vyeti vikiunganishwa katika faili moja ya PDF iliyopunguzwa ukubwa, tatizo hilo huondoka.

Baada ya kutuma, mwombaji afungue sehemu ya Sent na kufungua kila kiambatisho kutoka humo, kwa kuwa faili zilizomo ndizo zilizokwenda. Akigundua kuwa barua ya maombi haikuambatishwa na muda wa mwisho haujapita, atume ujumbe mpya wenye faili zote tatu, si ile iliyosahaulika peke yake. Kichwa kibaki kilekile, kikiongezwa mwishoni maneno "Nyaraka Kamili". Katika ujumbe sentensi moja inatosha: "Tafadhali tumia nyaraka hizi badala ya zile nilizotuma leo saa 4:10 asubuhi, ambazo hazikuwa na barua ya maombi."