Faili la Mteja Likiwa Mikononi Mwako
Kijitabu kwa wafasiri, wachapaji na wenye steshenari wa Lagangabilili na Wilaya ya Itilima

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Taarifa nyingi za hospitali na benki, hata hivyo, bado huandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi wa Itilima hueleza mambo yao kwa Kisukuma. Kati ya lugha hizo tatu anasimama mfasiri au mchapaji mwenye kompyuta, na mikononi mwake hupita siri za watu ambao huenda anakutana nao sokoni kila wiki.

Tuchukue mfano. Wakili aliyeko Bariadi ana kesi ya mirathi. Anamtumia mfasiri wa Lagangabilili taarifa ya hospitali ya marehemu, kurasa 14 za Kiingereza, pamoja na sauti ya mjane akieleza mambo ya familia kwa Kisukuma. Anataka vyote kwa Kiswahili. Tulifuate faili hilo tangu linapotumwa mpaka linapofutwa.

Kabla ya kupokea

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa tu, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Habari za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo kurasa hizi 14 zinahitaji uangalifu kuliko barua ya kawaida.

Mkataba wa kutunza siri ukae kwenye ukurasa mmoja, uandikwe kabla faili halijafunguliwa. Utaje kazi yenyewe, nani mwingine ataiona (msaidizi wa dukani, mhakiki wa tafsiri), itatunzwa siku ngapi baada ya kukabidhiwa, na nani ataarifiwa kwanza ikivuja. Usisahau kuandika kwamba amri halali ya mahakama haizuiwi na mkataba huo. Msaidizi naye atie sahihi yake. Mikataba mingi huharibikia hapo: mwenye duka ameahidi kunyamaza, lakini kijana anayechapa hajaahidi chochote.

Njia ya kutuma

Watu wengi hutumia WhatsApp. Ujumbe wake husafiri ukiwa umefungwa, na aliye njiani hawezi kuusoma. Hatari iko kwenye miisho miwili. Faili likishapokelewa hubaki kwenye simu, na kama duka limeunganisha WhatsApp kwenye kompyuta ya wote, anayefuata kukaa kwenye kiti hicho huyaona mazungumzo yote. Kompyuta ya namna hiyo iondolewe kila jioni kupitia Linked Devices kwenye simu.

Kwa kurasa za hospitali, faili lifungwe kwa nenosiri kabla ya kutumwa. Programu ya 7-Zip ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri. Chagua muundo wa 7z, weka alama kwenye Encrypt file names, kisha andika nenosiri. Anayependa kuandika amri ataitumia hii, na programu itamuuliza nenosiri yenyewe:

```
7z a -p -mhe=on kazi014.7z kazi014.pdf
```

Ile `-mhe=on` huficha hata majina ya faili yaliyomo ndani. Ni jambo la maana, kwa sababu faili lenye jina la marehemu na jina la ugonjwa limeshatoa siri kabla halijafunguliwa. Tumia namba ya kazi tu. Nenosiri liwe maneno manne yasiyohusiana, na lipitie njia nyingine: faili kwa barua pepe, nenosiri kwa kupiga simu. Ukilisahau, hakuna wa kukufungulia.

Epuka tovuti za bure za kugeuza PDF kuwa Word. Ukipakia faili humo, umempa nakala mtu usiyemjua, na mkataba ulioutia sahihi umeshavunjika. Word ya sasa hufungua PDF yenyewe. Mpangilio ukivurugika kidogo, utapangwa upya kwa mkono.

Wakati wa kazi

Mahali ambapo watu wanafahamiana, kuondoa jina hakutoshi. Ukiandika kwenye kundi la wafasiri, "mwalimu mstaafu wa kijiji fulani aliyeacha wake wawili," mtu wa Itilima anamjua palepale. Ukikwama kwenye neno la Kisukuma, uliza neno hilo peke yake, bila sentensi lililomo. Ukilazimika kutoa muktadha, tunga sentensi yako mwenyewe. Na sauti ya mjane isikilizwe kwa spika za masikioni. Sauti ya mtu hutambulika hata na jirani aliyekuja kutoa fotokopi.

Baada ya kukabidhi

Hapa ndipo tunapoomba msomaji akae zaidi. Mfasiri akishatuma tafsiri hufuta faili kwenye desktop na kuamini kazi imeisha. Faili lile la asubuhi, kufikia jioni, liko pia kwenye Downloads, kwenye Recycle Bin, kwenye Sent ya barua pepe, kwenye flashi iliyopelekwa kwa printa, kwenye folda ya WhatsApp ya simu, na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojinakili yenyewe. Word nayo huweza kubaki na nakala ya dharura endapo umeme ulikatika katikati ya kazi. Kurasa zilizochapwa vibaya ziko kwenye kapu, zikingoja kufungia vitumbua.

Kwa hiyo weka daftari la kila kazi, na kila unapoinakili, andika ilipokwenda. Siku ya kufuta unalifuata daftari, hutegemei kumbukumbu. Ukitumia namba ya kazi kwenye majina yote, unaweza kuhakikisha hivi:

```
dir /s /b C:\*014*
```

Amri hii hutafuta kwa jina tu. Nakala iliyobadilishwa jina haitaonekana, ndiyo maana daftari linabaki la lazima. Gmail na Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, basi fungua pipa na ulisafishe mwenyewe.

Kufuta kwa kawaida huondoa anwani ya faili tu; maandishi hubaki kwenye diski mpaka yaandikiwe juu, na programu za kurejesha faili huweza kuyaona. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, amri `cipher /w:C:\` huandika juu ya nafasi yote iliyo wazi. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku. Kwenye flashi na diski za SSD njia hii haina uhakika, kwani kifaa chenyewe huhamisha data ndani kwa ndani. Huko kinga ni kuweka faili likiwa limefungwa kwa nenosiri tangu mwanzo, ili kinachobaki kisisomeke.

Usifute siku ileile ya kukabidhi. Wakili atarudi na marekebisho. Siku 30 zinatosha kwa kazi nyingi, mradi ziwe zimeandikwa kwenye mkataba. Ankara na stakabadhi ni jambo jingine: sheria ya kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano. Ziandike "tafsiri, kurasa 14, kazi Na. 014," na hazitakuwa na siri ya mtu ndani yake.

Ukishafuta, mpelekee mteja maandishi mafupi: "Nakala za kazi Na. 014 zilizokuwa kwenye kompyuta, simu, barua pepe na flashi yangu zimefutwa tarehe fulani. Karatasi zimechomwa. Zimebaki ankara na mkataba." Usiahidi kwamba hakuna nakala popote duniani, kwa maana iliyo kwa wakili au mahakamani huna mamlaka nayo.

Faili likitumwa kwa namba isiyo yake, piga simu kwa mteja saa hiyohiyo, kabla ya kuhangaika kulifuta. Mpe muda lilipotumwa, lilikwenda kwa nani, na kama lilikuwa na nenosiri. Naye mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya ana haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.