Nyumba ya Kampuni: Usikabidhi Funguo Bila Barua

Fundi mitambo aliajiriwa Tabora, akapelekwa kwenye shamba la miwa Morogoro na kupewa nyumba ya kampuni. Mshahara wake ni shilingi 600,000. Amana ya nyumba, shilingi 300,000, ilikatwa kwenye mishahara yake mitatu ya mwanzo. Sasa ameacha kazi, na notisi yake ya siku 28 inaisha 31 Machi. Msimamizi wa nyumba anamwambia, "Wewe hama, amana tutaangalia."

Aanze na mkataba, maana ndio unaosema atakaa humo siku ngapi baada ya ajira kuisha. Asishikilie funguo kwa sababu ya amana. Atajitafutia deni la kodi. Wala asimwachie mlinzi wa getini. Mwezi mmoja baadaye kioo kikivunjika, atathibitishaje kwamba alikuwa ameshaondoka? Aandike mapema:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu,
YAH: KUKABIDHI NYUMBA NA KUREJESHEWA AMANA
Ajira yangu inakoma 31 Machi. Nitakabidhi nyumba siku hiyo saa 4 asubuhi. Naomba mwakilishi wenu tukague pamoja, tuandike hali ya kila chumba, usomaji wa mita ya maji na idadi ya funguo, kisha tusaini wote. Naomba amana yangu ya shilingi 300,000 irejeshwe ndani ya siku 14. Mkikata chochote, nipeni kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake.
Wako mtiifu,"

Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na arudi nayo. Siku 14 ni ombi lake tu. Mkataba ukitaja muda mwingine, aufuate huo.

Wakati wa ukaguzi ugomvi huwa ni rangi. Ukuta uliofifia kwa miaka ya kuishi ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliovunjwa kwa teke ni jambo jingine. Kampuni ikitaka kufidia uharibifu kwa kukata mshahara wa mwisho, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinadai kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya mshahara, yaani 150,000 kwa fundi wetu. Kifungu hicho kinalinda mshahara; amana hutegemea zaidi maneno ya mkataba, ndiyo maana barua inadai hesabu.

Kwa kuwa aliajiriwa Tabora, kifungu cha 43 kinampa pia usafiri wake na mizigo hadi huko, au nauli, pamoja na posho ya kujikimu anaposubiri kusafirishwa. Wengi husaini "sina madai" kabla ya kulijua hilo.

Kampuni ikikaa kimya, ajaze fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na aambatishe ile nakala yenye muhuri.