Friza Inakula Uniti Ngapi? Hesabu ya Stima kwa Nyumba za Lamu

Tokeni zikiisha mapema, wa kwanza kulaumiwa huwa ni taa iliyoachwa ikiwaka ukumbini. Lakini taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku haimalizi uniti mbili kwa mwezi mzima. Katika nyumba nyingi za Lamu, hasa zinazouza barafu au kuhifadhi samaki, mlaji mkubwa ni friza, nayo ndiyo ngumu zaidi kuihesabia.

Kwanza ujue uniti moja inakugharimu kiasi gani. Fungua ujumbe wa tokeni uliokuja kwenye simu, uchukue pesa zilizoandikwa "Amt", uzigawanye kwa "Units". Usitumie "TknAmt", kwani hapo kodi na tozo nyingine hazimo. Tuseme ulilipa shilingi 500 ukapata uniti 20: basi uniti moja ni shilingi 25, na hiyo ndiyo bei tutakayoitumia hapa. Yako inaweza kuwa tofauti, kwa sababu gharama ya mafuta hubadilika, na kwa sababu tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Kila fungu lina bei ya juu kuliko la kabla yake, na fungu lako hutokana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu.

Wati ni kasi ya kifaa kula umeme. Uniti ni kiasi kilicholiwa: wati 1,000 kwa saa moja, yaani kilowati-saa moja. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi usiku hutumia 60 mara 10, yaani wati-saa 600, ambazo ni uniti 0.6. Hiyo ni shilingi 15 kwa usiku, au 450 kwa mwezi. Birika la wati 2,000 linatisha kwa namba, ila likichemsha kwa dakika tano tu halifikishi shilingi tano.

Friza haikubali hesabu hiyo nyepesi. Kibandiko chake kikisema wati 150, ukazidisha kwa saa 24, utapata uniti 3.6 kwa siku. Si kweli, maana kompresa huwaka na kuzima yenyewe. Unachohitaji ni kujua inawaka dakika ngapi katika kila saa, na mita yako itakusaidia.

Zima kila kitu isipokuwa friza. Tazama kitaa chekundu cha mita na maandishi yaliyo karibu nacho, kwa mfano "1600 imp/kWh": maana yake kitaa humweka mara 1,600 kwa kila uniti. Kompresa ikiwa inanguruma, hesabu mimweko kumi huku ukitazama saa. Anza kuhesabu sekunde mara kitaa kinapomweka; mmweko unaofuata ndio wa kwanza. Ikichukua sekunde 150, friza inakula wati 150 kweli:

```
3,600,000 x 10 / (1600 x 150) = 150
```

Kisha, mlango ukiwa umefungwa, andika kompresa inapowaka na inapozima kwa muda wa saa mbili au tatu. Ikiwaka dakika 30 katika kila saa, matumizi ni uniti 1.8 kwa siku, 54 kwa mwezi, yaani shilingi 1,350. Ikiwaka dakika 50, ni uniti 3 kwa siku, 90 kwa mwezi, shilingi 2,250. Ni friza ileile, na tofauti ni shilingi 900. Zaidi ya hapo, uniti 90 zikiongezwa feni na taa zitaipitisha nyumba 100, na bei yenyewe itapanda.

Friza za inveta hazifuati mtindo huu, kwa kuwa kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima. Kwa hizo, soma uniti zilizobaki kwenye mita leo na kesho saa ileile, vifaa vingine vikiwa vimezimwa kadiri iwezekanavyo.

Dakika zikiwa nyingi, anza na mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni, ufunge. Ikivutika bila kushikwa, hewa ya joto inaingia. Halafu chomoa plagi usafishe vumbi la mabomba ya nyuma, na uyatazame kama yameliwa na kutu, maana hewa ya chumvi haiyahurumii. Friza isogezwe mbali na ukuta ipate kutoa joto. Barafu ikiwa nene kuliko kidole, iyeyushe, wala usiikwangue kwa kisu, kwani bomba likitoboka gesi yote itatoka. Samaki wabichi waliojazwa kwa mkupuo nao huiendesha kompresa mfululizo kwa saa nyingi, kwa hiyo usipime siku hiyo.

Pima mara moja wakati wa kusi, uandike dakika hizo, kisha upime tena kaskazi itakapoleta joto. Zikiongezeka kidogo, ni joto la msimu. Zikiwa karibu saa nzima hata baada ya kusafisha na kubadilisha mpira, mwite fundi aangalie gesi kabla hujanunua tokeni nyingine kubwa.