Kutafuta Makosa ya Fomula katika Jedwali la Kodi ya Mishahara

Mwalimu wa hisabati huzoea kusahihisha majibu ya wanafunzi wake, lakini ni mara chache hukutana na jibu lililotolewa na kompyuta na likawa si sahihi. Katika makala hii tutachunguza jedwali moja la mishahara, tuonyeshe makosa mawili yaliyojificha ndani yake, na tueleze jinsi mwanachuo anavyoweza kuyafichua kwa kutumia hesabu za asilimia anazofundisha darasa la sita na la saba. Jedwali lenyewe tumelitunga kwa ajili ya somo. Hata hivyo, makosa yake ni ya namna inayotokea mara kwa mara katika ofisi za shule.

Tuanze na kanuni ya kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021, mapato ya ajira kwa mwezi hugawanywa katika madaraja matano. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Shilingi 250,000 zinazofuata, yaani mpaka kufikia 520,000, hutozwa asilimia 8. Shilingi 240,000 zinazofuata, mpaka 760,000, hutozwa asilimia 20. Nyingine 240,000, mpaka 1,000,000, hutozwa asilimia 25. Kila kinachozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Kabla ya kodi kukokotolewa, mchango wa mfanyakazi kwa mfuko wa hifadhi ya jamii huondolewa katika mapato yake. Huondolewa mara moja tu.

Jambo la kusisitiza kwa wanafunzi ni kwamba kila kiwango hutozwa juu ya kipande chake, wala si juu ya mapato yote. Mwanafunzi asiyelielewa hili hudhani kwamba mtu akivuka kikomo kwa shilingi moja hupata hasara kubwa. Sivyo. Anayevuka kikomo kwa shilingi moja hutozwa kiwango cha juu kwa shilingi hiyo moja tu. Ukweli huu ndio utakaotusaidia baadaye kulikamata kosa la kwanza.

Sasa tulitazame jedwali. Shule moja ya binafsi hukata asilimia 10 ya jumla ya mapato ya mfanyakazi kuwa mchango wake. Safu za B, C na D zina mshahara wa msingi, posho ya nyumba na posho ya usafiri. Safu zilizobaki zina fomula hizi:

```
E2  Jumla ya mapato          =SUM(B2:D2)
F2  Mchango                  =E2*10%
G2  Baki                     =E2-F2
H2  Mapato ya kutozwa kodi   =G2-F2
I2  Kodi
=IF(H2<=270000,0,
 IF(H2<=520000,(H2-270000)*8%,
 IF(H2<=670000,20000+(H2-520000)*20%,
 IF(H2<=1000000,68000+(H2-760000)*25%,
 128000+(H2-1000000)*30%))))
```

Katika mstari wa 2 yupo mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 750,000, posho ya nyumba 100,000 na posho ya usafiri 50,000. Jumla ni 900,000. Jedwali linasema kodi yake ni shilingi 58,000. Je, ni kweli?

Hatua ya kwanza: Kukokotoa kwa mkono

Kabla ya kuigusa fomula yoyote, wanachuo wafunike jedwali na wakokotoe kodi hiyo kwa mkono, kipande kwa kipande. Mchango ni 90,000, kwa hiyo mapato ya kutozwa kodi ni 810,000. Kipande cha kwanza ni 270,000, kodi yake sifuri. Cha pili ni 250,000 kwa asilimia 8, kodi 20,000. Cha tatu ni 240,000 kwa asilimia 20, kodi 48,000. Kilichobaki ni 50,000 kwa asilimia 25, kodi 12,500. Tukijumlisha vipande tunapata 810,000, ishara kwamba hatukuacha kitu. Tukijumlisha kodi tunapata 80,500.

Tofauti kati ya hesabu yetu na ya jedwali ni shilingi 22,500 kwa mwezi, yaani 270,000 kwa mwaka. Mwalimu yule anaweza kufurahi kwamba amekatwa kidogo, lakini deni halikufutika. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuikata kodi na kuiwasilisha, na siku hesabu itakapokaguliwa pengo hilo litadaiwa.

Hesabu ya mkono imetuambia kwamba kosa lipo. Haikutuambia liko wapi, wala kama ni moja au mawili.

Hatua ya pili: Ngazi ya mapato

Watu wengi hujaribu fomula ya kodi kwa kuingiza vile vikomo vyenyewe: 270,000, 520,000, 760,000 na 1,000,000. Majibu yanayotarajiwa ni sifuri, 20,000, 68,000 na 128,000. Fomula yetu huyatoa yote manne bila kasoro! Ukiingiza 640,000, iliyo katikati ya daraja la tatu, utapata 44,000, na hilo nalo ni jibu sahihi. Kwa hiyo majaribio machache ya namna hii yanaweza kumdanganya mkaguzi.

Njia iliyo bora ni kutengeneza ngazi. Katika ukurasa mpya wa jedwali, andika 250000 katika seli A2. Katika A3 andika fomula ya kuongeza 10,000, kisha uinakili kwenda chini mpaka ufikie 1,050,000. Katika safu ya B weka fomula ya kodi, ukibadili H2 kuwa A2. Katika safu ya C, kuanzia mstari wa 3, weka tofauti kati ya kodi ya mstari huo na ya mstari wa juu yake:

```
A3  =A2+10000
C3  =B3-B2
```

Safu ya C ndiyo shahidi wetu. Kwa kuwa kila hatua ni shilingi 10,000, na vikomo vyote vinagawanyika kwa 10,000, tofauti zinazoruhusiwa ni tano tu: 0, 800, 2,000, 2,500 na 3,000. Nazo sharti zifuatane kwa mpangilio huo, bila kurudi nyuma.

Tukiteremka katika safu hiyo tunaona 800, kisha 2,000 mara nyingi, na ghafla tunakutana na namba hasi. Kwa mapato ya 670,000 kodi ni 50,000, lakini kwa mapato ya 680,000 kodi ni 48,000. Mapato yamepanda na kodi imeshuka, jambo lisilowezekana katika viwango hivi. Tukirudi kwenye fomula tunaona sababu: aliyeandika kikomo cha daraja la tatu alipindua tarakimu, akaweka 670000 mahali pa 760000. Mtu mwenye 680,000 hupelekwa daraja la nne kabla ya wakati wake, na (680,000 - 760,000) hutoa namba hasi inayopunguza kodi ya 68,000. Kosa hili huwagusa tu wenye mapato ya kutozwa kodi yaliyo zaidi ya 670,000 na pungufu ya 760,000. Kama hakuna mfanyakazi wa namna hiyo, jedwali litaonekana zima kwa miaka.

Ngazi hiyo hiyo hufichua kosa lingine la vikomo. Kuanzia Julai 2020 hadi Juni 2021 daraja la pili lilitozwa asilimia 9, na kodi ya kuanzia daraja la tatu ilikuwa 22,500. Mtu akibadili 9% kuwa 8% na kusahau kuibadili 22500 kuwa 20000, hatua ya kutoka 520,000 kwenda 530,000 itaonyesha 4,500 badala ya 2,000.

Hata hivyo, ngazi ina mpaka wake. Mtu akisoma kikomo vibaya tangu mwanzo, kisha akakokotoa kodi zote za madaraja yanayofuata kwa kikomo hicho, tofauti zitafuatana vizuri. Ndiyo sababu haitoshi kuangalia tofauti zenyewe. Ni lazima pia kuangalia zinabadilika kwenye mapato gani, na kulinganisha na viwango vilivyochapishwa.

Hatua ya tatu: Kurudi nyuma kutoka kwenye kodi

Tusahihishe 670000 kuwa 760000. Jedwali sasa linatoa kodi ya 60,000. Bado si 80,500. Ngazi sasa haina kasoro, maana ilijaribu safu ya I peke yake. Kosa lililobaki limo katika safu zinazoilisha I.

Hapa tunageuza hesabu. Tunawauliza wanachuo: Kodi ya 60,000 hutokana na mapato gani? Iko kati ya 20,000 na 68,000, basi ni daraja la tatu. Toa 20,000, hubaki 40,000. Gawanya kwa asilimia 20, unapata 200,000. Ongeza 520,000, unapata 720,000. Jumla ya mapato ni 900,000, kwa hiyo jedwali limeondoa 180,000. Mchango ni 90,000, na 180,000 ni mara mbili yake barabara.

Sasa tunajua cha kutafuta. Safu ya G imekwisha kuondoa mchango, na safu ya H imeuondoa tena. Inaelekea mtu wa kwanza alitengeneza safu ya "Baki", na wa pili, asijue baki hiyo ni ya nini, akaongeza safu yake kwa nia njema. Sahihisho ni kuandika katika H2:

```
=G2
```

Kodi inakuwa 80,500. Baada ya hapo fomula zilizosahihishwa zinakiliwe katika mistari yote, na jina la safu ya G libadilishwe kuwa "Baki baada ya mchango", ili mtu wa tatu asirudie kosa.

Kumbuka kwa mfundishaji: makosa mawili yanapokuwa pamoja, usirudi nyuma kabla ya kusahihisha vikomo. Kodi ya 58,000 ya mwanzo ingekupeleka kwenye mapato ya 710,000 na makato ya 190,000, namba isiyofanana na mchango kwa namna yoyote.

Mazoezi

1. Jumla ya mapato ya mfanyakazi ni 600,000 na mchango ni asilimia 10. Jedwali linaonyesha kodi ya 16,800. Kokotoa kodi sahihi kwa mkono, kisha urudi nyuma uonyeshe kosa.

2. Katika ngazi ya hatua za 10,000, tofauti zinabadilika kutoka 2,500 kuwa 3,000 baada ya mapato ya 1,100,000. Eleza ni kikomo gani kilichokosewa, na kwa nini hakuna mruko unaoonekana.

Majibu

1. Kodi sahihi ni 24,000. Kodi ya 16,800 hutokana na mapato ya 480,000, kwa hiyo makato ni 120,000, mara mbili ya mchango wa 60,000.

2. Kikomo cha daraja la nne kimewekwa 1,100,000 badala ya 1,000,000, na kodi ya kuanzia daraja la tano imekokotolewa kwa kikomo hicho, yaani 153,000 badala ya 128,000.