Mnunuzi wa Tangawizi Aliyekuja kwa Simu

Tuseme mkulima wa Mamba Miamba, juu kwenye Milima ya Pare, anapokea ujumbe. Kampuni ya Dar es Salaam inataka tani tano za tangawizi kwa bei inayozidi ya madalali wote wa Same. Tovuti yake inasema ilianza kazi mwaka 2009. Kinachotakiwa ni ada ndogo tu ya kuingizwa kwenye orodha ya wauzaji.

Kabla ya kutuma hata shilingi, aichunguze tovuti yenyewe. Kila jina la tovuti, yaani kikoa, lina kumbukumbu ya usajili. Kama linaishia na .com, afungue lookup.icann.org kwenye simu, aandike jina hilo, kisha atafute mstari huu:

```
Created
```

Asiuchanganye na `Updated`, ambayo hubadilika kila usajili unapofanyiwa marekebisho. Ikiwa kikoa kilisajiliwa wiki tatu zilizopita, ile miaka tangu 2009 inahitaji maelezo. Huenda kampuni ya zamani imefungua tovuti juzi, hilo hutokea. Kwa hiyo tarehe peke yake haimhukumu mtu, ila inakupa swali la kumuuliza. Jina la mwenye kikoa likiwa limefichwa, usishtuke. Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, wasajili wengi huwaficha hata wateja waaminifu.

Mwisho wa .co.tz nao usikulaze usingizi. Ni .go.tz iliyotengwa kwa taasisi za serikali; .co.tz ni ya biashara, na kuipata si kazi ngumu.

Hatua inayofuata ni BRELA, kwenye ors.brela.go.tz, kutafuta jina la kampuni. Lisipoonekana, hakikisha kwanza umeliandika sawasawa. Likionekana, bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi wanapoumizwa: tapeli huazima jina la kampuni ya kweli iliyosajiliwa, kisha huweka namba yake mwenyewe ya simu. Usajili ni halali, lakini unayeongea naye si wao.

Kwa sababu hiyo, usiipige namba iliyo kwenye ujumbe, wala iliyo kwenye tovuti uliyotumiwa. Itapokelewa na mtu yuleyule, atakuthibitishia kila kitu. Tafuta namba kwingine: kwenye risiti ya zamani ya mkulima aliyewahi kuwauzia, kwenye mfuko wa bidhaa yao dukani, au nenda ofisi ya ushirika Same mjini uulize nani anawafahamu. Wakikupokea kwa namba hiyo, uliza swali moja: “Huyu anayenunua tangawizi Miamba kwa jina lenu, mnamjua?” Wasomee pia anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, maana kistari kimoja kilichoongezwa hufanya kikoa kingine kabisa.

Mwisho, angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Kampuni ikikuambia ulipe ada, halafu likatokea jina la mtu binafsi, bonyeza kughairi.