Bango limetoka zambarau? Mwandikie mchapishaji hivi

Mwenye kibanda cha samaki ufuoni Dunga, Kisumu, ameagiza bango la buluu kali. Limekuja zambarau. Akiandika tu kwamba kazi imeharibika, ataanzisha ubishi. Barua yake imsaidie fundi kujua kama kasoro ni ya mashine au ya faili.

Kwanza alitandaze bango nje mchana. Akiona mistari myembamba inayokatiza rangi, huenda matundu ya wino yameziba, na hilo ni la mashine. Rangi ikiwa sawa kote, na nyekundu na nyeusi zimetoka vizuri, ashuku faili. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine hutumia wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi, yaani CMYK. Buluu kali ya simu haifikiwi na wino huo. Fundi huikaribia kwa kuchanganya sayani na majenta, na majenta ikizidi, buluu hugeuka zambarau.

Baada ya hapo aandike:

*Kwa Meneja,*

*KUH: RANGI YA BANGO LA MITA 2 KWA 1*

*Nimepokea bango langu. Maandishi mekundu na meusi ni mazuri, lakini buluu ya nyuma yake imekuwa zambarau kote, bila mistari. Niliwatumia PDF ya RGB, buluu ikiwa 0, 0, 255. Naomba kujua:*

*1. Mlipoigeuza faili kuwa CMYK, buluu ilipata asilimia ngapi ya sayani na ya majenta?*

*2. Je, mpangilio wa rangi kwenye mashine ulikuwa wa turubai hili hili?*

*3. Kabla ya kuchapa tena, mnaweza kunichapia kipande cha majaribio kwenye turubai hilo, chenye sayani 100 pamoja na majenta 70, 50 na 30?*

*Nitakuja dukani nichague nikiwa nje, kwenye mwanga wa mchana.*

*Wako mwaminifu,*
*Mteja*

Ombi la tatu ndilo lenye uzito. Kwenye kipande hicho, majenta 70 itatoa buluu nzito, na 30 itaelekea buluu ya anga. Hakuna itakayong'aa kama simu, kwa hiyo chagua iliyo karibu zaidi na unayoitaka. Tia sahihi kwenye kipande, andika namba zake, ubaki na nusu na fundi abaki na nusu. Bango jipya likija, liweke kando ya kipande chako kabla ya kulipa salio.

Kuhusu gharama, mistari ya wino ni sababu ya kudai uchapiwe upya bure. Lakini kama ulituma RGB na hukuomba sampuli, ni haki zaidi mkae mpatane namna ya kugawana gharama. Oda inayofuata, peleka kipande chako pamoja na faili.